Kulwa wa nyumbani, Kurwa wa vyeti

Usukumani wazazi wa mapacha hawahangaiki kutafuta majina. Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, basi. Mimi nilitangulia. Jina la baba yangu ni Ng'wandu na la babu ni Masanja, kwa hiyo nyumbani, kanisani na kwenye cheti changu cha kuzaliwa mimi ni Kulwa Ng'wandu Masanja, nimezaliwa tarehe 14 Novemba 1996. Cheti changu cha kidato cha nne kinasema Kurwa Ngwandu Masanja. Herufi moja imegeuka na alama moja imepotea. Kwa macho ya mtu wa kawaida hiyo si tofauti ya kupotezea usingizi, na hata mimi niliwahi kufikiri hivyo. Nimeihangaikia kuanzia mwaka 2015 hadi 2021.

Sasa nina steshenari ndogo Nyegezi, jijini Mwanza. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia wanafunzi fomu za mkopo na maombi ya kazi mtandaoni. Kila msimu wa maombi hawakosekani wanne au watano wanaosimama kaunta na bahasha ya kaki, sauti imeshuka: "Dada, jina langu limekosewa, nifanyeje?" Huwa simjibu kwanza. Namwambia atoe karatasi zote, tuzipange mezani kwa mwaka, ya zamani kabisa kushoto na ya mwisho kulia. Tukishazipanga tunaona kosa limeingilia wapi. Namna hiyo sikuisomea popote. Niliipata kwa kuhangaika na karatasi zangu mwenyewe.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 2004, ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Mwalimu aliyeniandikisha alikuwa mtu wa Musoma, na huko wapo wanaotamka Kurwa. Akauliza jina, mama akasema Kulwa, yeye akaandika kama ulimi wake unavyosema. Akauliza nimezaliwa lini, mama akasema mwaka wa ile ajali ya meli, miezi michache baadaye. MV Bukoba ilizama Mei 1996, kwa hiyo mama alikuwa sahihi kabisa. Mwalimu akahesabu miaka saba ya kuanzia shule kurudi nyuma, akaandika 1997.

Haya yote niliyajua baadaye, nilipovuka na kivuko cha Kamanga kwenda kuomba kuiona rejesta ya uandikishaji. Hiyo ilikuwa 2015, nimeshachukua cheti cha kidato cha nne na nimeshaona jina lililochapwa. Mwalimu mkuu wa wakati huo hakuwa na ubaya. Alitoa kitabu kikubwa chenye jalada lililoliwa na mchwa pembeni, akafungua 2004, akapitisha kidole. Nilikuta "Kurwa Ng'wandu Masanja, 1997." Nikashangaa. Herufi r ilikuwepo, lakini ile alama ya juu baada ya Ng nayo ilikuwepo, imeandikwa kwa kalamu vizuri tu. Na hapakuwa na tarehe wala mwezi, mwaka peke yake. Kumbe makosa yangu hayakuingia siku moja. R iliingia darasa la kwanza. Alama ilipotea darasa la saba mwaka 2010, orodha ya watahiniwa ilipochapwa kwa kompyuta. Na kwa kuwa fomu ya darasa la saba ilitaka tarehe kamili, mtu aliyekuwa anajaza aliuchukua ule mwaka 1997 akaupa siku na mwezi: 1 Januari.

Hiyo 1 Januari nimeikuta kwa wanafunzi wengi mno hapa dukani. Nyingine huwa 1 Julai. Ukiiona kwenye karatasi ya mtu ambaye nyumbani kwao wanasema alizaliwa wakati wa kuvuna pamba, jua kwamba nyuma yake kuna rejesta yenye mwaka mtupu, na kuna mtu alitakiwa kujaza kisanduku ambacho hakikukubali kubaki wazi.

Kutoka hapo kosa halikuhitaji tena mtu wa kulikosea. Lilisafiri lenyewe. Sekondari inapokea wanafunzi wa kidato cha kwanza kwa orodha ya matokeo ya darasa la saba, ile ambayo walimu huiita TSM 9. Usajili wa mtihani wa kidato cha pili unafuata orodha hiyo, usajili wa kidato cha nne unafuata wa kidato cha pili, na chuo kikuu nacho kinachukua jina la kidato cha nne. Kila ofisi inanakili iliyotangulia, na kila mmoja akiulizwa atasema kweli kwamba yeye hakukosea.

Nafasi yangu ilikuwa mwaka 2012, kidato cha pili, na niliiona kwa macho. Mtaaluma alibandika orodha ya watahiniwa ubaoni, akatuambia kila mtu asome jina lake herufi kwa herufi, mwenye kosa alete uthibitisho, asiye na kosa asaini. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nikaona KURWA NGWANDU MASANJA, nikacheka na rafiki yangu kwamba nimekuwa mtu wa Mara, nikasaini. Sikuwa na cheti cha kuzaliwa, na kwenda nyumbani kukiulizia kulimaanisha nauli ya kivuko kwenda na kurudi. Nilichofanya ni kurekebisha majina kwenye madaftari yangu na kumwomba mwalimu wa darasa aandike Kulwa kwenye ripoti zangu za muhula. Akaandika. Ripoti zikasomeka vizuri, mama akafurahi, na hakuna ofisi hata moja inayochukua jina kutoka kwenye ripoti za muhula.

Miaka mitatu baadaye, nilipolalamikia cheti, nilirudi kwa mtaaluma yuleyule. Alinisikiliza, akaniambia taratibu, "Mwanangu, ile orodha ulisaini mwenyewe." Akaniambia pia kwamba mtihani ukishafanyika kwa jina fulani, hilo ndilo jina la cheti, na Baraza la Mitihani halichapi cheti upya kwa sababu nyumbani unaitwa vingine. Kama mwanafunzi yuko kidato cha pili au mwanzoni mwa kidato cha nne, mimi humfukuza dukani siku hiyohiyo aende shuleni na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa kabla usajili haujafungwa. Gharama yake ni nauli.

Cheti changu cha kuzaliwa chenyewe kilipatikana 2013, tayari nimeshachelewa kwa kidato cha pili lakini bado nikiwa ndani ya muda wa kidato cha nne, laiti ningejua. Baba alikuwa amelitunza tangazo la kizazi, kile kikaratasi cha hospitali wanachopewa wazazi mtoto anapozaliwa, ndani ya Biblia. Kwa kikaratasi hicho, kadi ya kliniki na cheti changu cha ubatizo, ofisi ya wilaya inayosajili vizazi kwa niaba ya RITA ilimpa cheti chenye jina sahihi na tarehe sahihi. Baba akakiweka ndani ya Biblia ileile. Hakuniambia mpaka nilipomaliza kidato cha nne, kwa sababu aliamini cheti cha kuzaliwa ni kitu cha kutunza, si cha kutumia.

Mwaka 2017 nilipata chuo hapa Mwanza na nikaomba mkopo. Ukiingia kwenye maombi ya mkopo unaanza na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na mfumo wenyewe unaleta jina. Likaja KURWA NGWANDU MASANJA. Halafu unatakiwa kuambatisha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na changu kinasema Kulwa Ng'wandu. Nikaenda steshenari moja mjini, wakanichapia hati ya kiapo kwa elfu tano, mhuri wa wakili ukiwa tayari umegongwa. Sentensi yake kuu ilisema mimi Kulwa na Kurwa ni mtu mmoja. Ilirudishwa.

Nilikasirika, lakini siku hizi nikiikumbuka ile karatasi naona hata mimi ningeirudisha. Haikusema jina gani liko kwenye hati gani, na Kurwa wako wengi kuanzia Magu mpaka Tarime. Haikutaja Ngwandu bila alama na Ng'wandu yenye alama, kana kwamba tofauti hiyo haipo. Haikuwa na namba ya cheti chochote. Kiapo kizuri nilikuja kuandikiwa na wakili mwingine, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa, aliyekaa na bahasha yangu nusu saa nzima kabla hajashika kalamu. Aliandika kwamba kwenye cheti cha kuzaliwa namba fulani nimeandikwa hivi, kwenye cheti cha kidato cha nne chenye namba fulani ya mtihani nimeandikwa hivi, na cha sita vilevile. Kisha akaandika sababu, kwamba jina la kwanza liliandikwa kwa herufi r wakati wa kuandikishwa darasa la kwanza, na alama ya la pili ikaachwa wakati wa uchapaji. Mwisho akaandika kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, ambaye ni mimi, na nikaapa mbele yake. Nikalipa elfu ishirini. Kilipokelewa.

Pamoja na hayo akanionya kitu ambacho sikukielewa siku ile. Alisema kiapo hicho kinaeleza tofauti tu, hakiondoi. "Kila utakapokwenda utaenda nacho, na kila mahali kuna mtu wa kukikubali au kukikataa."

Nikiwa mwaka wa kwanza nikafanya ujanja wangu wa mwisho. Nilikwenda ofisi ya udahili na cheti cha kuzaliwa na kile kiapo, nikaomba chuo kiniandikishe Kulwa Ng'wandu, ili angalau digrii yangu itoke na jina langu. Afisa akakataa. Jina la chuo ni jina la kidato cha nne, akasema, na halibadilishwi katikati ya masomo. Nilitoka pale nimevimba. Nilimwona mtu asiye na huruma, anayeng'ang'ania kosa wakati ukweli uko mezani.

Leo namshukuru, ingawa sikuwahi kurudi kumwambia. Hesabu vyeti: kidato cha nne Kurwa, cha sita Kurwa. Kama angenikubalia, ningekuwa na transkripti na shahada za Kulwa, na kazi yoyote ingeniuliza huyu Kulwa mwenye digrii alifaulu wapi kidato cha nne. Nilitaka kusahihisha mwisho wa mnyororo huku mwanzo wake hausogei. Ningepata jina zuri kwenye karatasi ya mwisho na ufa mpya katikati ya vyeti vyangu vya elimu, mahali ambapo mpaka wakati huo hapakuwa na ufa.

Halafu kosa la kweli la chuo likaja, mwaka 2020, mwaka wa tatu. Walibandika orodha ya wanaotarajiwa kuhitimu na nikajiona: KURWA NGWANDU MASANYA. Nilisimama mbele ya ubao nikahisi mwili umepoa. Nikajua nitaambiwa yaleyale, kwamba jina halibadilishwi. Rafiki yangu tuliyekaa naye hosteli akaniuliza swali jepesi ambalo nimelikopa mpaka leo: "Hao walitoa wapi jina lako?" Kwa cheti cha kidato cha nne. "Na cheti kinasema Masanya?" Hakisemi.

Tofauti yote imo humo. Ukishika karatasi yenye kosa, ilinganishe na karatasi ambayo mwenye kuiandaa alinakili. Zikifanana, huyo hakukosea, na kumlilia hakusaidii. Panda juu ukamtafute aliyemtangulia. Zikitofautiana, kosa ni lake na analo jukumu la kulifuta. Hapo huombi kubadilishiwa jina. Unaomba arudie kunakili. Hata barua inaandikwa tofauti. Barua yangu ya kwanza, niliyoichana, ilianza na "naomba kubadilishiwa jina la mwisho". Ya pili ilisema jina langu katika orodha ya wahitimu halilingani na cheti cha kidato cha nne nilichodahiliwa nacho, naomba lisahihishwe lisomeke kama lilivyo kwenye cheti hicho, nakala nimeambatanisha. Niliiandika kwa msajili kupitia mkuu wa idara, nikabaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe. Ile nakala ndiyo iliyonisaidia, kwa sababu wiki ya pili barua yenyewe haikuonekana.

Nilikwenda kila Jumatatu. Jumatatu ya nne nikaomba wanionyeshe jina kwenye kioo cha kompyuta, si kuniambia kwa mdomo kwamba limeshashughulikiwa. Lilikuwa limerekebishwa kwenye orodha ya wahitimu lakini bado Masanya kwenye kumbukumbu ambayo transkripti inachapwa. Kumbe ni sehemu mbili. Yule kijana wa kompyuta alishtuka kuliko mimi, akarekebisha palepale. Transkripti na shahada zikatoka sawa. Ningeridhika na orodha ya ubaoni, ningevaa joho kwa jina moja na kupokea transkripti kwa jina lingine, na shahada ikishachapwa na kusainiwa kuirudisha ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Niseme kidogo kuhusu ile alama, maana watu wa kwetu inatutesa na wengine hata hawajui kwamba ipo. Akina Ng'wandu, Ng'wigulu, Mang'ombe na wenzao, ng' yetu ni sauti moja, na bila alama inasomeka sauti nyingine. Kompyuta haijui sauti. Kwake `NG'WANDU` na `NGWANDU` ni watu wawili. Lakini kuna baya zaidi. Kuna simu ambazo ukiandika alama hiyo zinakupa iliyojikunja, `NG’WANDU`, na hiyo kwa kompyuta ni mtu wa tatu. Alikuja hapa kijana mfumo unamkatalia jina kila akijaza, ameandika mara sita, kila mara sahihi kwa macho yake. Alikuwa anakopi kutoka kwenye ujumbe wa simu. Nilifuta alama nikaipiga upya kwa kibodi ya kompyuta, ikapita. Kwa hiyo mwenye jina la ng' ahakikishe kiapo chake kinataja maumbo yote mawili, lenye alama na lisilo na alama. Mawakili wasiotoka huku huwa hawaoni tofauti mpaka uwaonyeshe kwa kidole.

Kilichonimaliza ni kazi. Mwaka 2021 niliitwa usaili wa kazi ya serikali. Matangazo ya usaili huwa na kile kipengele kinachosema ambao majina yao yanatofautiana kwenye nyaraka waje na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, ile ambayo watu wote wanaiita didipoli. Nilikwenda na kiapo changu cha elfu ishirini nikiamini kinatosha. Mezani walinirudisha. Sikubishana. Nilikumbuka maneno ya yule mama wakili, na kesho yake nilikuwa ofisini kwake juu ya duka la vitambaa.

Akanieleza kwa utaratibu. Kiapo kinasema majina haya yote ni yangu. Didipoli inasema naliacha jina moja moja kwa moja na kuanzia leo natumia lingine kwa mambo yote. Inaandaliwa na wakili, unaisaini mbele ya shahidi, halafu inasajiliwa kwa msajili wa hati kwenye ofisi ya ardhi, chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, inapewa namba na mhuri. Bila usajili huo ni karatasi tu. Nilimwuliza, basi niandikie naliacha Kurwa Ngwandu nachukua Kulwa Ng'wandu. Akaniangalia juu ya miwani. "Na vyeti vyako vyote vya shule tuvipeleke wapi?"

Ilibidi niende nyumbani kwanza. Baba hakusema kitu kwa muda mrefu. Alikuwa anasuka kamba ya wavu, akaendelea kusuka. Kwake Kulwa halikuwa jina la kuchaguliwa hata liachwe. Ni namna nilivyokuja duniani, na Doto bila Kulwa ni jina lisilo na maana. Mama ndiye aliyevunja ukimya. Akasema kwani serikali itakuja hapa uani kumwita? Hapa atabaki Kulwa. Baba akacheka kidogo, akauliza hiyo karatasi inalipiwa kiasi gani.

Basi kwa karatasi mimi ni Kurwa Ngwandu Masanja kwa hiari yangu. Nimelikubali kosa la mwalimu kwa mhuri. Baada ya kusajiliwa niliipeleka NIDA wakabadilisha jina. Namba ya kitambulisho ilibaki ileile, maana ile namba ya tarakimu ishirini haibebi jina. Cheti cha kuzaliwa sikukigusa. Kinasema kweli jinsi nilivyozaliwa, nakibana pamoja na didipoli, na tangu hapo sijarudishwa popote. Ile kazi ilishakwenda kwa mwingine, na steshenari ilianza mwaka huohuo.

Tarehe ya kuzaliwa ni habari nyingine, na hapa ndipo wateja wangu wengi wanapokwama, kwa sababu wanafikiri didipoli inatibu yote. Jina mtu anaweza kuliacha akachukua lingine. Siku ya kuzaliwa huwezi kuamua kuiacha. Inasahihishwa tu, na kuisahihisha ni kuleta ushahidi wa siku yenyewe ulioandikwa karibu na siku yenyewe: tangazo la kizazi, kadi ya kliniki, rejesta ya wodi ya wazazi, cheti cha ubatizo. Kiapo cha mtu mzima kilichoandikwa miaka ishirini na tano baadaye kinasindikiza hivyo vitu, hakisimami peke yake. Mimi ile 1 Januari 1997 ilikuwa imebaki kwenye cheti cha kumaliza shule ya sekondari tu. Mkuu wa shule alipoona cheti cha kuzaliwa aliniandikia kingine, kazi ya mchana mmoja, kwa sababu kile kinatoka shuleni kwenyewe.

Doto hakuwa na bahati hiyo. Yeye alilelewa na bibi Ukerewe, akaanza shule 2005, na mwalimu wa huko naye akahesabu saba kurudi nyuma: 1998. Cheti cha kuzaliwa baba alinichukulia mimi peke yangu, maana Doto alikuwa haishi nasi. Mwaka 2019, watu walipokuwa wanakimbizana na usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, Doto alijiandikisha kitambulisho cha taifa kwa karatasi pekee aliyokuwa nayo, cheti cha darasa la saba. Tarakimu nane za kwanza za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi na siku. Yake inaanza na `19980101`. Kwenye namba hiyo sasa kuna laini ya simu, akaunti ya benki na leseni ya udereva.

Tulianza kumshughulikia mwaka juzi. Hospitali ya ng'ambo tulikozaliwa walikuwa bado na kitabu cha wodi ya wazazi cha 1996. Tuliomba kwa barua, na muuguzi akatufungulia: mistari miwili inayofuatana, usiku mmoja, mama mmoja, dakika ishirini na tano kati yetu. Kwa nakala iliyogongwa mhuri ya ukurasa huo, pamoja na cheti changu na cheti chake cha ubatizo, amesajiliwa na amepata cheti cha kuzaliwa cha tarehe 14 Novemba 1996. Kimebaki kitambulisho. Amejaza fomu ya marekebisho, ameacha vielelezo, na huwa anapitia dukani kuniuliza kama nimesikia lolote.

Tarehe 14 Novemba mama hutupikia sato wawili. Ujumbe wa benki wa kumtakia Doto heri ya siku ya kuzaliwa bado unamfikia alfajiri ya mwaka mpya, naye hunitumia kila mara, akiniamkia: "Shikamoo dada."